Kuhesabu kreta za Mirihi: namba inayotoa umri na namba inayopotosha

Wageni wanaopanda hadi ukingo wa Menengai huuliza mara kwa mara kama shimo lile lilichimbwa na kimondo. Hapana. Menengai ni kaldera. Volkeno ilimwaga magma yake, paa likakosa cha kulishikilia, likadidimia. Hata hivyo nalipenda swali hilo, kwa sababu ndilo la kwanza ninalowauliza wanafunzi wangu hapa Nakuru tunapofungua picha ya Mirihi kwenye kompyuta: shimo hili limetoka juu au limetoka chini?

Kreta iliyochimbwa na jiwe kutoka angani huwa karibu duara. Ukingo wake umeinuka, sakafu yake iko chini kuliko uwanda unaoizunguka, na vifusi vilivyorushwa nje vimetandazwa pande zote. Mashimo ya volkeno mara nyingi hujipanga kwenye ufa na hayana tandiko la vifusi vya namna hiyo. Tusipoyatenga mapema, hesabu yote inayofuata itakuwa ya kitu kingine.

Wazo la msingi ni jepesi. Lava ikimwagika na kuganda, uso mpya huanza bila kreta hata moja. Mawe ya angani huanguka bila kuchagua mahali, kwa hiyo kadiri uso unavyokaa wazi ndivyo unavyokusanya kreta nyingi kwa kila kilomita ya mraba. Duniani njia hii haitufai, kwa kuwa mvua, mito, mimea na mienendo ya gamba la dunia hufuta alama hizo. Mwezini na Mirihini zinadumu.

Wingi wa kreta peke yake unasema tu uwanda huu ni mkubwa kiumri kuliko ule. Ili kupata miaka, lazima mahali fulani tuwe na jiwe ambalo umri wake umepimwa maabara. Mawe hayo yaliletwa kutoka Mwezini na wanaanga wa Apollo na roboti za Luna. Gerhard Neukum alilinganisha umri wa mawe hayo na idadi ya kreta pale yalipookotwa, na mwaka 1983 akatoa mlinganyo ambao bado tunautumia:

```
N(1) = 5.44e-14 * (exp(6.93*T) - 1) + 8.38e-4 * T
```

T ni umri kwa mabilioni ya miaka, na N(1) ni idadi ya kreta zenye kipenyo cha kilomita 1 au zaidi katika kila kilomita ya mraba ya Mwezi. Chukua uwanda wa kilomita za mraba 10,000. Ukiwa na umri wa miaka bilioni 1, mlinganyo unatarajia kreta 8 hivi. Ukiwa na bilioni 2, kreta 17. Ukiwa na bilioni 3.5, kreta 48. Kisha namba zinaruka: bilioni 3.8 inatoa kreta 180, na bilioni 4 inatoa zaidi ya 600.

Mruko huo ni historia yenyewe. Zamani zile mawe yalinyesha kwa wingi mno, kisha kasi ikashuka haraka, na tangu karibu miaka bilioni 3 iliyopita imekuwa tulivu. Matokeo yake ni kwamba njia hii ni kali kwenye nyuso za kale na butu kwenye nyuso za umri wa kati. Ukihesabu kreta 180, bahati nasibu ya kawaida inakupa shaka ya 13 kila upande, yaani kipeuo cha pili cha idadi uliyopata, na shaka hiyo hubadilisha umri kwa miaka milioni 13 tu. Ukihesabu kreta 17, shaka ni 4 kila upande, na umri unaweza kuwa popote kati ya bilioni 1.5 na bilioni 2.5. Anayeandika kwamba uwanda kama huo una umri wa miaka bilioni 2.03, kwa kreta 17 tu, ameandika tarakimu asizokuwa nazo.

Namba hiyo ya 2.03 sikuiokota hewani. Desemba 2020 chombo cha China, Chang'e 5, kilileta karibu kilo 1.7 za udongo na mawe kutoka uwanda wa Oceanus Procellarum, na wapimaji wakapata umri wa takriban miaka bilioni 2. Kabla ya hapo mkunjo wa Neukum, yaani mstari unaochorwa na mlinganyo wake, ulikuwa na pengo kubwa, kati ya lava za miaka bilioni 3 na kreta changa za chini ya bilioni 1. Jiwe lile liliangukia karibu kabisa na mahali mkunjo ulipopita. Kwangu huo ni ushahidi mzito zaidi kwamba njia hii inafanya kazi, kwa sababu mkunjo ulichorwa kwanza na jiwe likaja baadaye.

Mirihi haijatupa jiwe la namna hiyo. Vimondo vilivyotoka Mirihi tunavyo, lakini hatujui kwa uhakika kila kimoja kilitoka uwanda gani. Kwa hiyo tunachukua mkunjo wa Mwezi na kuurekebisha. Mirihi iko karibu zaidi na ukanda wa asteroidi, hivyo inapigwa mara nyingi zaidi. Lakini mawe huifikia kwa kasi ndogo zaidi, na mvutano wake ni mkubwa kuliko wa Mwezi, kwa hiyo jiwe lilelile huchimba kreta ndogo zaidi. Boris Ivanov aliyaweka yote pamoja mwaka 2001, na kwa kreta za kilomita 1 matokeo yake ni karibu nusu ya yale ya Mwezi. Rekebisho hili lina shaka ya takriban mara mbili, na shaka hiyo imo ndani ya kila umri wa Mirihi unaousoma, hata pale mwandishi asipoitaja.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Kwanza nachora mpaka wa uso mmoja wenye historia moja, kwa mfano mtiririko mmoja wa lava. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharakisha, na hapa ndipo umri huharibika. Mpaka ukimeza kipande cha nyanda za kale, kreta za kale zinaingia na kuuzeesha uwanda. Vilevile lava hupanda juu ya kreta zilizokuwepo na kuacha vilele vya kingo zake vikichomoza. Hizo ni za uso uliofukiwa, na hazihesabiwi kwenye umri wa lava. Baada ya mpaka, naizungushia duara kila kreta ambayo kitovu chake kimo ndani, kwenye programu ya ramani ya QGIS, kisha vipenyo vyote na eneo naviingiza kwenye programu ya Craterstats, inayochora wingi dhidi ya ukubwa. Kreta yenye upana wa chini ya pikseli 10 hivi siiamini, kwani ndogo za aina hiyo huanza kupotea machoni na mkunjo hulala chini kana kwamba uso ni mchanga kiumri.

Tatizo gumu hujitokeza pale uwanda ni mdogo au mchanga kiumri. Sakafu ya Menengai ina yapata kilomita za mraba 80. Ingekuwa Mwezini, kwa kasi ya sasa ingengoja karibu miaka bilioni 15 kupata kreta moja ya kilomita 1, muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu. Kwenye lava ya Mirihi yenye umri wa miaka milioni 10, hata kilomita za mraba 10,000 hazitarajii kreta ya ukubwa huo. Basi hatuna budi kushuka hadi kreta za makumi ya mita, ambazo ni nyingi ajabu. Huko ndiko Zunil ilipotuvuruga.

Zunil ni kreta ya kilomita 10 katika eneo la Elysium. Picha za joto za chombo cha Mars Odyssey zilionyesha miale mirefu inayotoka kwake, na mwaka 2005 Alfred McEwen na wenzake walieleza miale hiyo ni nini: vipande vya mwamba vilivyorushwa na pigo hilo moja vilianguka mbali sana, mpaka kilomita 1,600, na kuchimba kreta za upili takriban milioni 10, zenye upana wa mita 10 hadi 200. Ni siku moja tu ya historia ya Mirihi. Mtu anayehesabu bila kujua angesoma siku hiyo kama mamilioni ya miaka ya mvua ya mawe.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kwenye lava changa karibu na Zunil nimepata kreta 100 ndogo, na 80 kati yake ni za upili. Kwenye nyuso changa umri huenda sambamba na idadi, kwa hiyo lava niliyoiita ya miaka milioni 10 ni ya milioni 2.

Kreta za upili zinatambulika, ingawa si zote. Jiwe lililorushwa huanguka polepole kuliko lile la angani, hivyo shimo lake ni la kina kifupi. Zinakuja kwa makundi na misururu, nyingine zina umbo la yai, na matuta madogo yenye umbo la V yanaelekeza kwenye kreta mama. Kwenye mchoro, mstari wa kreta ndogo hupanda ghafla kuliko inavyotarajiwa. Mimi hukata uwanda vipande na kuhesabu kila kimoja peke yake. Vikitofautiana kuliko bahati inavyoruhusu, najua kuna mrundiko. Zinazotawanyika mbali sana ndizo zinazotushinda, maana huanguka mojamoja na hufanana na za kawaida. Lakini Zunil ina faida pia: lava yoyote iliyobeba kreta zake ni ya kale kuliko yeye, na lava inayozifunika ni changa kuliko yeye, na kwa hilo hatuhitaji mlinganyo wowote.

William Hartmann alitetea kreta ndogo kwa hoja ninayoiheshimu: za upili kutoka mbali zimo tayari ndani ya mikunjo yetu, kwa hiyo kwa wastani wa muda mrefu hesabu inasimama. Jibu bora ni kutazama kreta zinapozaliwa. Mwaka 2006 Michael Malin na wenzake walitangaza mahali 20 palipopigwa upya, palipoonekana kwa kulinganisha picha za 1999 na za baadaye, na kasi ilikaribia matarajio ya Hartmann. Hesabu kubwa zaidi ya Ingrid Daubar mwaka 2013, yenye mahali 248, ilipata kasi ya chini mara tatu hivi ya ile iliyotarajiwa. Halafu mwaka 2024 watafiti wa mitetemo ya ardhi ya Mirihi iliyonaswa na chombo cha InSight kilichotua huko walikadiria kreta 280 hadi 360 zenye upana wa zaidi ya mita 8 kila mwaka kwenye sayari nzima, wingi unaozidi ule wa picha. Kadirio lao linategemea kundi fulani la mitetemo ya masafa ya juu kuwa kweli ni mapigo ya vimondo, na hilo ndilo linalochunguzwa sasa. Picha zikiwa sahihi, nyanda changa za Elysium ni za kale zaidi kuliko tunavyoziandika. InSight ikiwa sahihi, umri ule wa picha lazima upunguzwe.