Riba Ikishapunguziwa Kodi: Mkopo Unakugharimu Shilingi Ngapi Kuliko Hisa?

Kila inapokaribia Juni 30, siku ya mwisho kwa kampuni zinazofunga hesabu Desemba kuwasilisha ritani, dawati letu la elimu kwa mlipakodi hupokea lalamiko lilelile: "Nimelipa benki riba ya milioni kumi na kitu, mbona kodi yangu haikupungua milioni kumi na kitu?" Haikupungua kwa sababu riba hupunguza faida inayotozwa kodi. Kwa kuwa kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, kodi yenyewe hupungua kwa asilimia 30 tu ya riba hiyo.

Tuchukue kampuni ya kusaga na kukoboa mahindi pale Morogoro, mfano wa kubuni. Inataka mashine ya shilingi milioni 60. Benki inatoa mkopo wa miaka 3 kwa riba ya asilimia 18 juu ya salio lililobaki, na kila mwisho wa mwaka kampuni inarejesha milioni 20 za mkopo wenyewe. Riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 10.8. Kabla ya riba, kampuni ina faida ya milioni 40, ambayo ingetozwa kodi ya milioni 12. Baada ya kutoa riba, faida inabaki milioni 29.2 na kodi inakuwa milioni 8.76. Nafuu ni milioni 3.24, kwa hiyo riba imeigharimu kampuni milioni 7.56, sawa na asilimia 12.6 ya mkopo.

Soma mkataba kabla ya kufurahia asilimia hiyo. Kama riba inapigwa juu ya milioni 60 zilezile hadi mwisho, jumla ya riba kwa miaka 3 ni milioni 32.4 badala ya 21.6, na "asilimia 18" hiyo kwa kweli inakaribia 25.

Rejesho la mkopo wenyewe si gharama ya kodi. Tumelisema hili mara nyingi, na bado ritani zinaletwa zikiwa zimekatwa rejesho zima, riba na mkopo pamoja. Milioni 20 zile zinatoka kwenye faida iliyokwisha kutozwa kodi. Toa riba, kodi na rejesho kwenye milioni 40, uone kilichobaki mkononi: shilingi 440,000.

Sasa njia ya pili. Mwekezaji analeta milioni 60 na kupewa robo ya hisa. Hakuna riba, hivyo kodi ni milioni 12 kamili na faida inayobaki ni milioni 28. Ikigawanywa yote, gawio lake ni milioni 7, nalo halikatwi kwenye faida inayotozwa kodi. Mwaka huo hisa zimekuwa nafuu kidogo kuliko mkopo, na hakuna wa kudai rejesho. Lakini mwaka wa tatu riba baada ya nafuu ni milioni 2.52 tu, kisha mkopo unakwisha. Mwenye hisa yupo palepale, na faida kabla ya kodi ikifika milioni 80, robo yake ni milioni 14. Wanaosema mtaji wa hisa ni wa bure huwa hawajafika mwaka huo.

Mwaka wa hasara mambo hugeuka. Gawio halilipwi, ila benki inataka riba yake, na asilimia 18 inabaki 18 kwa kuwa hakuna kodi ya kupunguza. Hasara husogezwa miaka ya mbele, jambo ambalo halilipi rejesho la mwaka huu. Na mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo hana nafuu hii kabisa, kwa kuwa kodi yake haitazami gharama.

Riba inakubalika pale tu fedha zilipotumika kuzalisha mapato ya biashara. Kama milioni 20 kati ya zile 60 zimemalizia nyumba ya mkurugenzi, tutakubali theluthi mbili ya riba, yaani milioni 7.2, na nafuu itashuka hadi milioni 2.16. Weka mkataba, ratiba ya marejesho, taarifa ya benki na risiti ya EFD ya mashine.

Benki ya hapa nchini ikilipwa riba, humkatii kodi ya zuio. Ila mkopeshaji akiwa mkurugenzi au mwanahisa wako mkaazi, kata asilimia 10 ya riba, iwasilishe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kisha mpe hati ya zuio. Gawio la kampuni ya mfano wetu nalo, mwekezaji akiwa mtu binafsi, lina zuio la asilimia 10, kwa hiyo ataondoka na milioni 6.3. Usipokata, deni linakuwa lako, utalilipa kutoka mfukoni pamoja na riba ya ucheleweshaji. "Alikuwa shemeji yangu, tuliaminiana" si utetezi tunaoweza kuuandika kwenye jalada.