Chaja ya ampea 2 haiunguzi simu ya ampea 1

“Tahadhari! Usichaji simu ya ampea 1 kwa chaja ya ampea 2, umeme utazidi na simu itaungua.”

Ukipokea ujumbe huu, tafadhali usiusambaze. Si kweli.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Msukumo unaotokana na kimo chake ndio volti. Maji yanayopita bombani kila sekunde ndiyo mkondo, unaopimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba ndio ukinzani, unaopimwa kwa omu. Kuweka tangi pana zaidi kwa kimo kilekile hakuongezi maji kwenye bomba jembamba. Ampea za chaja ni uwezo wake wa juu tu. Kifaa huchukua kinachohitaji.

Chukua taa ya volti 5 yenye ukinzani wa omu 5. Mkondo ni 5 ÷ 5, yaani ampea 1, hata chaja iwe ya ampea 2 au 3. Lakini ukiiwekea volti 12, mkondo unafika ampea 2.4 na joto linapanda kutoka wati 5 hadi karibu 29. Hapo taa inaungua kweli.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu chaja bandia huharibu simu, kisha lawama inaangukia ampea.

Soma mstari wa OUTPUT kwenye chaja: volti zilingane na za kifaa, ampea zisipungue. Chaja za kasi hupandisha volti baada tu ya simu kuziomba.