Bili ya Maji ya Makadirio Imekuja Kubwa? Nenda Kasome Mita Kabla Hujaenda Ofisini

Mimi nipo upande wa bili za maji, na watu wengi wanaokuja dirishani kulalamika wanakuja na hasira tu na karatasi ya bili mkononi. Ukimuuliza mita yako leo inasoma ngapi, anakuangalia tu. Sasa bila hiyo namba tunabaki kubishana, we unasema hujatumia, mfumo unasema umetumia, na mfumo ndio una rekodi. Ukija na namba ya mita na picha yake mazungumzo yanabadilika kabisa.

Kwanza angalia bili yenyewe. Achana kidogo na hela ya kulipa pale chini, tafuta usomaji wa nyuma, usomaji wa sasa na aina ya usomaji. Kama pameandikwa makadirio basi mwezi huo hakuna mtu aliyesoma mita yako, au alifika akakuta geti limefungwa, mbwa yupo nje, mita imefukiwa na mchanga au kioo kimeingia ukungu namba hazionekani. Hapo mara nyingi unawekewa wastani wa miezi michache iliyopita, na shida huwa inaanzia hapo hapo, maana wastani haujui kwamba mwezi fulani bomba lilipasuka au ulikuwa na wageni wa msiba wiki tatu.

Tuchukulie mama mmoja wa Kimara, nyumba ya watu watano, hana bustani wala hauzi maji. Bili yake ya tarehe 24 Juni inasema usomaji wa nyuma 412, wa sasa 451, yaani yuniti 39, wakati mwezi uliopita alitumia 15. Yuniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo yuniti 39 ni ndoo 1,950, ukigawa kwa siku 31 ni kama ndoo 63 kila siku. Kwa watu watano wanaooga kwa ndoo, we mwenyewe unaona haiingii akilini. Lakini kutoingia akilini sio ushahidi bado.

Tarehe 3 Julai akafunua kifuniko cha mita, akafuta kioo kwa kitambaa. Pale zinaonekana namba nyeusi 00431 alafu nyekundu mwishoni. Zile nyeusi ndio yuniti kamili na ndizo zinazoingia kwenye bili, nyekundu pamoja na vile visaa vidogo vyenye mishale ni sehemu ya yuniti, usizisome. Watu wanaunganisha zote wanatuletea 431627 tunabaki tunashangaa wote. Sasa tazama, bili inasema tarehe 24 Juni mita ilishafika 451, lakini tarehe 3 Julai, siku tisa baadaye, mita yenyewe bado ipo 431. Mita ya maji hairudi nyuma kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo ile 451 haijawahi kuwepo pale. Huo ndio ushahidi, hauhitaji maneno mengi.

Hesabu yake ni hii: 431 toa 412 unapata yuniti 19, kwa siku 40 kuanzia 24 Mei mpaka 3 Julai, yaani karibu nusu yuniti kwa siku, inalingana na matumizi yake ya siku zote. Bei angalia kwenye bili yako maana inategemea na mamlaka na kundi la mteja, ila kwa mfano tuweke shilingi 1,500 kwa yuniti: makadirio yalimdai 58,500, usomaji halisi ni 28,500. Tofauti 30,000.

Lakini usikimbilie ofisini kabla hujamaliza mambo mawili pale pale kwenye mita. La kwanza, linganisha namba ya mita iliyochongwa kwenye kifuniko au kwenye ile pete ya shaba na namba ya mita kwenye bili. Kwenye nyumba za kupanga, mita zinapokaa tatu nne kwenye ukuta mmoja, unakuta mtu analipia mita ya jirani muda mrefu tu, na hiyo ni kesi tofauti kabisa na makadirio. La pili, funga koki zote ndani alafu angalia ile nyota ndogo au kigurudumu katikati ya mita. Kikizunguka, hata polepole, maji yanaenda mahali, na mara nyingi ni tenki la choo linalovujisha kimya kimya au boya la simtanki halifungi. Ukilalamika una mvujo, fundi akija akaukuta, kesi yako inaharibika, maana maji yaliyovuja baada ya mita kwa kawaida ni ya mteja.

Na niseme ukweli, mita inaweza kukukataa pia. Ingekuwa inasoma 458 siku ile, basi makadirio hayakuwa mbali na ukweli na kwenda kulalamika kungeongeza deni tu.

Sasa picha. Piga moja inayoonyesha namba zote na namba ya mita kwa pamoja, ikishindikana piga mbili mfululizo, na usiifute kwenye simu hata kama umeshaituma kwa wasap, ile ya kwenye simu ndio inabaki na tarehe na saa. Alafu andika malalamiko, meseji au barua haijalishi, ila yawe na namba ya akaunti, namba ya mita, usomaji na tarehe yake, na ombi moja tu: bili ya Juni irekebishwe kwa usomaji halisi wa 431, na msoma mita aje ahakiki nikiwepo. Dai namba ya lalamiko. Bila hiyo namba, wiki ijayo utaanza upya na mtu mwingine. Na wakati unasubiri usikae bila kulipa kabisa, omba kwa maandishi ulipe kile usichobishia, huyu mama angelipa ile 28,500, ili asije akakatiwa maji kwa deni lenye mgogoro.

Pia omba historia ya bili zako. Yake ilionyesha Machi yuniti 50, Aprili 52, Mei 15. Jumlisha ugawe kwa tatu unapata 39 kamili. Machi na Aprili choo kilikuwa kinavuja, akakitengeneza, ila wastani ukaendelea kumhesabia ule mvujo.

Kama mamlaka imekaa kimya au imekataa bila sababu, kwa Tanzania unapeleka EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ila wao watakuuliza kwanza ulilalamika lini kwa mtoa huduma na ulijibiwa nini, ndio maana ile namba ya lalamiko ni muhimu. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukuelekeza namna ya kuandika.

Marekebisho yakifanyika, mara nyingi hela inarudi kama salio kwenye akaunti, hupewi mkononi. Bili ya mwezi unaofuata usiangalie kiasi tu, angalia usomaji wa nyuma: uwe 431. Kuna wakati hela inapunguzwa lakini 451 inabaki kwenye mfumo, msoma mita akija anakuta 446, mfumo unakataa namba iliyo chini ya ile ya nyuma, na unakuwekea makadirio tena.