"Mwalimu, Mbona Umepitisha DIZI?" Dhana Potofu Kuhusu Mtoto Anayeanza Kuandika

Kila mwezi, kwenye darasa langu la awali hapa Moshi, namwita mtoto mmoja mmoja pembeni, nampa penseli na karatasi isiyo na mistari, kisha namwomba aandike maneno manne: maziwa, ndizi, kuku, mbuzi. Ubao nimeshaufuta. Natamka neno tu, herufi sizitaji. Akisema hajui, namwambia, "Andika unavyodhani." Akimaliza ananisomea huku akionyesha kwa kidole, nami naandika pembeni tarehe na alichosema. Karatasi inaingia kwenye faili lake na picha yake inakwenda nyumbani. Picha ikishafika, simu huanza.

Dhana: Daftari lina herufi nzuri, kwa hiyo mtoto anajua kuandika

Kunakili ni kazi ya jicho na mkono. Nina mtoto aliyenakili "Leo ni Jumatatu" kutoka ubaoni bila kosa, nikamwambia anionyeshe neno "Jumatatu" liko wapi, akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho. Mkono wake ni mzuri na nimeusifu kwa mama yake, lakini hajajua bado kwamba herufi zile zinabeba sauti za kinywani mwake. Ndiyo maana kwenye faili kila karatasi ina neno moja juu yake: "amenakili" au "mwenyewe". Bila neno hilo, mwezi wa tatu hata mimi mwenyewe siwezi kujua nilikuwa napima nini.

Dhana: Mikwaruzo si maandishi

Hapa nitamfuata mtoto mmoja wa miaka mitano, ambaye mama yake anauza mboga soko la Mbuyuni na bibi yake yuko Kibosho.

Februari alichora ndizi, na chini yake akavuta mstari wa mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia. Nikamuuliza ndizi iko wapi, akaonyesha mchoro. Nikamuuliza imeandikwa wapi neno ndizi, akaonyesha mawimbi. Basi alishajua mambo mawili: kwamba kuchora na kuandika ni vitu viwili, na kwamba maandishi yana upande yanakoelekea. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwenye orodha yangu. Aprili alikuwa kwenye hatua inayofuata: herufi za kweli kabisa, zote zimetoka kwenye jina lake, zimepangwa upya kwa kila neno lakini hazihusiani na sauti. Mama yake aliandika kwenye watsapu, "Anabahatisha tu huyu." Nilimjibu kwamba hapana, amechagua herufi anazozimiliki.

Dhana: Herufi zikipungua, mtoto amerudi nyuma

Mei karatasi yake ilionekana maskini. Kwa "maziwa" aliandika AIA. Kwa "ndizi", II. Aprili neno moja lilikuwa na herufi tano au sita, sasa mbili! Baba yake alipiga simu akiwa na wasiwasi wa kweli, akauliza kama mtoto anaumwa.

Nilimwomba atamke polepole: ma-zi-wa. Kila silabi ina herufi yake moja, tena ile inayosikika kwa nguvu zaidi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ina bahati ya kuitwa kwa sauti yake yenyewe, kwa hiyo ndiyo mtoto huikamata kwanza. Kwa mara ya kwanza mtoto huyu alikuwa anasikiliza neno na kuandika alichosikia. Katika hatua zote, hii ndiyo ninayoipigia familia simu badala ya kutuma ujumbe.

"Kuku" lilimpa taabu. Aliandika UU, akaitazama, akaongeza O. Nikamuuliza O ni ya nini, akasema, "Mbili ni chache, halafu zinafanana." Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, waliotoa kitabu chao mwaka 1979 baada ya kuwachunguza watoto wanaozungumza Kihispania, waliliona jambo hilohilo: mtoto hujitungia sheria kwamba neno halisi halipungui herufi fulani na halirudii herufi moja. Sheria hiyo inagongana na masikio yake, na mgongano huo ndio unaomsogeza mbele. Ningeifuta ile O kwa kalamu nyekundu, ningefuta fikra yake.

Dhana: DIZI ni kosa, apewe nusu ya alama

Septemba aliandika MAZIA, KUKU, DIZI, BUZI. Mama akauliza, "Mwalimu, mbona umepitisha DIZI?"

Tamka "ndizi" taratibu. Ulimi wa n na ulimi wa d uko mahali pamoja, nyuma ya meno ya juu, na n hupita haraka mno kabla ya d. Kwenye "mbuzi" midomo imefungwa kwa m na inabaki imefungwa kwa b. Sikio la mtoto linazichukua kama sauti moja, naye anaandika ile anayoiona wazi. Linganisha na "mtu": pale m ni silabi kamili, unaweza kuipigia kofi, m-tu. Kwenye "mbuzi" makofi ni mawili tu, mbu-zi, na m haina kofi lake. Hata w ya "maziwa" imeponyoka kwa sababu inateleza kati ya irabu mbili.

Kwa hiyo niliandika: "Anaandika sauti nyingi za neno. Bado hajaisikia n mbele ya d wala m mbele ya b." Nilimtumia bibi kazi moja. Nikampigia kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto ameandika dizi, nimrekebishe?"

Nilimwomba asimrekebishe, bali waweke kidole juu ya pua wote wawili na kusema "ndizi" kwa kuvuta mwanzo, nnndizi. Pua inatetemeka. Wakisema "dizi" mwanzo wake hautetemeshi pua. Mtoto akishaihisi n, ndipo umwulize ataiandika wapi.

Dhana: Hatua ni ngazi, na kila umri una kidato chake

Karatasi moja inaweza kuwa na hatua mbili. KUKU imekamilika huku DIZI bado, siku ileile. Mtoto akichoka au neno likiwa refu, hushuka. Mimi naandika hatua inayoonekana kwenye maneno mengi, na sitangazi mabadiliko kabla sijayaona mara mbili. Herufi zilizogeuka, kama b na d, nazitaja kwa familia bila kengele, kwani kwa watoto hadi miaka kama saba ni jambo la kawaida. Linalonifanya niombe kikao ni mtoto ambaye baada ya miezi mingi hawezi kupiga makofi kwa silabi wala kutambua neno linaloanza kama jina lake. Hapo kwanza nashauri masikio yapimwe hospitali.

Dhana: Taarifa kwa mzazi ni nafasi ya mtoto darasani

Nafasi haimwambii bibi afanye nini Jumamosi. Natuma picha mbili, ya mwezi huu na ya ule uliopita, sentensi moja ya alichokifanya na moja ya kinachofuata. Natuma kwa familia yake pekee, kamwe si kwenye kundi la wazazi wote, na kabla ya kutuma namwomba mtoto ruhusa. Nami naomba kutoka kwao: maandishi ya nyumbani huwa tofauti na ya shuleni.

Novemba bibi alinitumia picha ya ukuta wa jikoni. Kwa mkaa, kwa urefu wa mtoto, kulikuwa na NDIZI, na chini yake BUZI, halafu BUZI tena ambayo mbele yake M ndogo ilikuwa imebanwa baadaye. Niliandika tarehe, nikaongeza "mwenyewe, nyumbani", nikaiweka kwenye faili.