Flashi yako haina herufi

Jumanne nilipita Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye steshenari ya mama mmoja ninayemtunzia kompyuta zake. Sijamaliza hata kumwamkia, akaninyooshea flashi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya. "Mwanangu, hii ina virusi. Jana ilikuwa E, leo ni F. Nimeifomati, bado F tu."

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Kabla yake alikuwepo jamaa wa Iringa, aliyenipigia simu akiwa ameshatupa flashi nzima ya GB 32 kwa kosa hilohilo. Jamani. Virusi vya shotikati vipo, tena flashi za mji huu zimejaa navyo: vinaficha mafolda yako na kukuachia shotikati mahali pake. Lakini kuhama kutoka E kwenda F si dalili yake. Na kufomati hakusaidii kitu, kwa sababu herufi hiyo, ambayo Windows huipa flashi ikichomekwa, haijaandikwa ndani ya flashi. Imeandikwa ndani ya kompyuta.

Mfikirie konda wa Coaster ya Tukuyu. Abiria akipanda, konda anamweka kiti cha kwanza kilicho wazi kuanzia mbele. Windows inafanya hivyohivyo. A na B iliziacha tangu enzi za diski laini, C ni yake, D kwenye mashine ya huyu mama ni sehemu ya pili ya diski. Kwa hiyo kitu chochote kinachochomekwa kwanza kinakaa E, kinachofuata F, na kuendelea. Siku ambayo ni flashi peke yake, ni E. Siku ambayo modemu imechomekwa kabla yake, mambo yanageuka: modemu nyingi hujitokeza kama sidii yenye programu yake, na zile zenye tundu la memori kadi huchukua herufi nyingine tena kwa ajili ya hilo tundu, hata kama ni tupu. Modemu moja, viti viwili. Flashi inaangukia G na watu wanaanza kutafuta antivairasi.

Ila konda huyu ana daftari. Flashi ikishakaa E, Windows inaandika kwamba flashi hii, kwenye kompyuta hii, kiti chake ni E. Ukiwa mdadisi, fungua `regedit` uangalie tu, usiguse, kwenye `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\MountedDevices`. Utakuta mistari kama `\DosDevices\E:`. Kila herufi ina mstari mmoja, na mstari mmoja unabeba jina moja. Ndiyo maana flashi yako inaweza kurudi E wiki nzima, ukadhani imezoea. Halafu siku haipo, anakuja mteja na yake, inapewa E, jina lake linaandikwa juu ya la kwako. Ukirudi huna kiti.

Sasa niseme kwa nini hili linaniuma kuliko linavyostahili. Steshenari hiyohiyo, zamani kidogo, mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia mama faili la bekapu. Anabofya mara mbili kila jioni kabla ya kufunga, mauzo yananakiliwa kwenye flashi. Lilikuwa na mstari mmoja:

```
robocopy D:\Mauzo E:\ /MIR
```

Hiyo `/MIR` maana yake: fanya kule kufanane na huku, na kilichopo kule ambacho huku hakipo, kifute. Nilijiona mjanja. Flashi haijai mafaili ya zamani, mama hasumbuki.

Jioni moja mwanafunzi wa chuo akaleta flashi yake kuchapisha ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Akaiacha imechomekwa, akavuka barabara kununua chakula. Ya kwake ilikuwa E. Mama akachomeka ya bekapu, ikawa F, akabofya kama kawaida. Dirisha jeusi likajaa mistari iliyoandikwa `*EXTRA File`, ambayo ndiyo namna ya robocopy kusema "hiki sikijui, nakiondoa". Mama hakuwa na sababu ya kuisoma. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri tu dirisha lijifunge.

Ripoti tuliipata kwa programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Picha zake kadhaa hazikurudi, kwa sababu mauzo ya mama yalikuwa yameshaandikwa juu yake. Kijana alikuwa mpole kuliko nilivyostahili.

Basi, kufunga herufi. Ingia na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `diskmgmt.msc`, Enter. Tafuta flashi yako kwa ukubwa na jina lake, na hapa usiharakishe, maana kwenye menyu ileile utakayofungua kuna `Format...` inayokusubiri. Flashi iliyoandikwa GB 16 kwenye boksi itasomeka kama 14 na pointi kadhaa. Hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa maelfu na Windows inahesabu kwa 1024. Bofya kulia juu yake, chagua `Change Drive Letter and Paths...`, halafu `Change...`. Kama haina herufi kabisa, utatumia `Add...` badala yake. Chagua herufi, OK. Itakuonya kwamba programu zinazotegemea herufi ya zamani zinaweza kugoma. Kubali.

Mafundi wengi wanaishia hapo, na wanachagua E, "ili ibaki ileile". Hili ndilo linalonikera. Ukichagua E hujafunga kitu. Umeandika kwenye daftari jambo ambalo lilikuwa limeshaandikwa, kwenye kiti ambacho kila mgeni anakalishwa. Hakuna alama ya "usiguse" kwenye mstari huo; herufi uliyochagua kwa mkono na iliyotolewa na Windows yenyewe zinahifadhiwa kwa namna moja. Kinachoilinda herufi yako ni umbali. Konda anajaza kutoka mbele, kwa hiyo kaa nyuma. Mimi natumia U. Ili mgeni aifikie U lazima kila herufi iliyo kabla yake iwe na mtu, na steshenari yenye vitu vingi hivyo vimechomekwa kwa pamoja sijaiona. Z naiacha, kwa sababu ukiunganisha folda ya mtandao Windows hupendekeza herufi kuanzia Z kurudi nyuma, na mtafikia kugombana huko.

Kisha jaribu. Toa flashi, chomeka nyingine kwanza, ndipo uirudishe. Ni U? Vizuri. Sasa ihamishie tundu jingine la USB. Hapa ndipo flashi za bei chee zinapoumbuka.

Windows inaitambuaje flashi? Kwa namba ya utambulisho ambayo kiwanda kimeiweka ndani ya chipu yake. Si jina uliloipa, si mafaili yaliyomo. Ndiyo maana kufomati hakubadilishi chochote. Fungua `Device Manager`, `Disk drives`, bofya kulia flashi, `Properties`, kisha `Details`, na kwenye orodha chagua `Device instance path`. Angalia kipande cha mwisho, baada ya mkwaju wa mwisho. Kama kinaanza kwa namba ndefu au herufi zilizoshikamana, hiyo ndiyo namba ya kiwandani na U itashika tundu lolote. Kama alama ya pili kabisa ni `&`, yaani kitu cha aina ya `7&` halafu mengineyo, basi kiwanda hakikuweka namba inayofaa. Windows imejitungia yake, na inaitunga kwa kuangalia flashi imechomekwa wapi. Ukibadili tundu, kwake umeleta flashi mpya, na mpya inapewa kiti cha kwanza kilicho wazi. Dawa ni mbili: iwe na tundu lake moja la siku zote, au ununue nyingine.

Diski kubwa za nje hazitambuliwi hivyo. Hizo hutambuliwa kwa alama iliyoandikwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo tundu halizisumbui, ila ukizigawa upya zinapoteza herufi.

Na daftari ni la konda, si la abiria. Ukifunga U kwenye kompyuta ya dukani, kompyuta ya nyumbani haina habari. Itaipa E yake. Ukiweka Windows upya, daftari limechomwa, unaanza tena. Hakuna njia ya kuiambia flashi "wewe ni U popote uendapo", hata kama umeona video inayosema ipo.

Kwa ukweli wote, hata baada ya haya siiamini herufi peke yake. Imewahi kunihama kwenye mashine moja, flashi ikiwa na namba nzuri kabisa, na chanzo sikukishika. Kwa hiyo faili la mama siku hizi linauliza kwanza:

```
@echo off
if not exist U:\HII_NI_BEKAPU.txt (
  echo Flashi ya bekapu haipo. Mpigie fundi.
  pause
  exit /b 1
)
robocopy D:\Mauzo U:\Mauzo /MIR
pause
```

Hilo `HII_NI_BEKAPU.txt` ni faili tupu tu nililoliweka kwenye flashi yake. Flashi ya mgeni hata ikipata U kwa miujiza, haitakuwa nalo. Na liko nje ya folda ya `Mauzo` kwa sababu mara ya kwanza nililiweka ndani, robocopy ikalifuta usiku uleule kama kitu isichokijua, kesho yake mama akanipigia kuniambia flashi ya bekapu haipo wakati ameishika mkononi.

Jumanne basi nilimfungulia `Details`. `7&`. Flashi ya pili aliyoinunua mwenyewe, wiki mbili nyuma, baada ya ya kwanza kupotea. Na aliyekuwa ameichomeka tundu la nyuma jana, leo akaichomeka la mbele, ni yeye. Nikamwambia haina virusi. "Sasa kwa nini inahama?" Nikamwambia haina namba. Akaitazama pande zote mbili akiitafuta.