Cheti cha Usajili wa Kampuni ya Mwekezaji: Kinathibitisha Nini?

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, wazee wangu na ndugu wananchi,

Cheti cha usajili wa kampuni, kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, kinathibitisha kwamba kampuni yenye jina fulani na namba fulani ilisajiliwa tarehe fulani. Hakielezi nani anaiongoza leo, wala kama mgeni aliyeketi mbele yetu ametumwa nayo. Majina ya wakurugenzi wake yamo katika daftari la BRELA, ambalo sasa hutafutwa kwa mtandao katika mfumo wa ORS, na mtu yeyote anaweza kulipia ada na kupewa taarifa rasmi ya kampuni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni imeomba ekari 400 hapa Chamwino kwa ajili ya alizeti na zabibu, ikaleta kivuli cha cheti. Mtendaji ananakili jina zima na namba ya usajili, herufi kwa herufi, kisha anaomba taarifa rasmi. Akiilinganisha na rasimu ya mkataba anakuta kwamba jina la kwenye cheti linaishia na “Limited”, ilhali kwenye mkataba limeongezwa “Holdings” kabla yake. Kisheria hizo ni kampuni mbili, na ile ya kwenye mkataba haijatuletea karatasi hata moja. Hapo hatusaini.

Jina likilingana, tunatazama wakurugenzi. Anayetaka kusaini asipokuwa miongoni mwao, alete azimio la bodi lenye jina lake na linalotaja ombi hili hili. Kadi ya biashara iliyoandikwa “Meneja”, hata ingeng’aa vipi, haitoshi. Tunatazama pia kama kampuni inawasilisha BRELA ritani zake, yaani taarifa zake za kila mwaka, kwa kuwa kampuni iliyonyamaza miaka mingi inastahili kuulizwa sababu.

Kwa anayekuja kwa madini, usajili wa BRELA haumpi ruhusa ya kuchimba. Leseni hutolewa na Tume ya Madini, nayo isomwe mmiliki wake, eneo lake na aina yake, kwani leseni ya utafutaji hairuhusu uchimbaji, na leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania pekee.

Daftari nalo lina mipaka yake. Sehemu kubwa ya yaliyomo imejazwa na kampuni yenyewe, na mtaji wa hisa unaotajwa humo, hata ukisomeka mabilioni, si fedha iliyoko benki. Uwezo wa fedha utafutiwe ushahidi mwingine.

Kwa hiyo naomba taarifa ya BRELA iambatishwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na nakala ya azimio la bodi, kabla ombi la ekari halijasomwa mbele ya mkutano huu.