Huduma ya mkoba: namna ya kupanga siku ili nyumba zifikiwe

Orodha ya ziara za nyumbani hutoka kituo cha afya ikiwa na majina tu. Nyumba kumi na nne, kijiji fulani, Jumatano. Gari linaondoka, jioni linarudi, na kwenye daftari nyumba sita zimetembelewa huku nane zimeandikwa "hayupo" au "muda haukutosha". Wiki inayofuata zile nane zinahamishiwa kwenye orodha mpya na hali inajirudia. Sisi tunaoratibu huduma za mkoba, yaani huduma za afya zinazowafuata watu vijijini, katika halmashauri tunaiona sana hali hii, na karibu kila mara chanzo chake ni kwamba siku ilipangwa kwa idadi ya nyumba bila kuhesabu saa zitakazobaki baada ya barabara kuchukua zake.

Chukua mfano wa kijiji kilicho kilomita 42 kutoka kituo cha afya. Kilomita 27 za mwanzo ni barabara ya changarawe iliyochongwa vizuri, gari linakwenda kilomita 45 kwa saa. Kilomita 15 za mwisho ni mabonde na makorongo, dereva akikimbia sana ni kilomita 20 kwa saa. Hiyo ni saa moja na dakika ishirini kwenda, na muda kama huo kurudi. Timu inatakiwa iwe imerudi kituoni kabla ya giza, na wakifika wanahitaji kama saa nzima kurudisha chanjo kwenye jokofu, kukabidhi vifaa na kujaza taarifa. Kwa hiyo saa 9:30 alasiri gari liwe linaondoka kijijini. Likiwa limetoka kituoni saa 2:00 asubuhi, likafika saa 3:20, na robo saa ikaenda kwa mtendaji wa kijiji, kazi yenyewe haitaanza kabla ya saa 4:00. Toa nusu saa ya chakula. Zimebaki saa tano.

Sasa hesabu nyumba. Mazungumzo ya maana nyumbani kwa mtu hayapungui dakika ishirini. Huwezi kuingia kwenye ua wa watu ukaanza kudai kadi ya kliniki kabla ya kusalimia, kukaribishwa kigoda na kusikia habari za nyumbani. Ndipo unaangalia kadi, unampima mgonjwa, unasikiliza, unaandika. Kutembea kutoka nyumba moja hadi nyingine katika vijiji ambavyo kaya zimetawanyika mashambani ni dakika kumi na tano nyingine. Nyumba moja basi ni dakika 35, na nyumba kumi na nne ni dakika 490, yaani zaidi ya saa nane, kwa jozi moja ya wahudumu. Saa tano hazibebi saa nane hata wahudumu wakimbie namna gani, na wakikimbia kinachokatwa ni zile dakika ishirini za ndani, ambazo ndizo zilizowapeleka.

Jambo la kwanza la kufanya liko kituoni, siku moja au mbili kabla. Orodha ichambuliwe pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji hicho, kwa simu ikibidi. Katika majina kumi na manne wamo akina mama ambao watoto wao walikosa tarehe ya chanjo kwa sababu ya msiba, safari au mvua. Hawa wanaweza kabisa kuja kwenye kituo cha mkoba, yaani pale shuleni au chini ya mwembe panapotolewa chanjo. Wanahitaji mtu awapitie jana yake na kuwaambia saa. Tuseme ni watano. Wamebaki tisa, ambao ama hawawezi kuja au wameshaitwa wasije.

Hao tisa nao wagawanye kwa swali moja: huyu mtu yuko nyumbani saa ngapi? Mama aliyejifungua wiki iliyopita yuko nyumbani asubuhi na jioni. Mzee aliyepooza yuko. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyedhoofika yuko. Familia ya mkulima iliyo buheri wa afya haipo: msimu wa palizi mama anatoka saa 12 alfajiri na mtoto mgongoni, anarudi saa saba au saa nane mchana. Timu nyingi hufanya kinyume, zinawatafuta wakulima asubuhi na kukuta kuku tu uani, halafu wagonjwa wa kitandani wanafikiwa mwishoni, dereva akiwa ameshaanza kuangalia jua.

Katika mfano wetu, watano ni wale walio nyumbani muda wote, wengi wao katika kitongoji cha mbali, kilomita sita kutoka shuleni. Wanne ni familia za shambani, karibu na shule. Timu ina wauguzi wawili, msaidizi mmoja wa kuandika na dereva, na kijijini wanaungana na mhudumu wa jamii. Jozi ya kwanza, muuguzi na msaidizi, inashuka shuleni na kuanza chanjo saa 4:00. Jozi ya pili, muuguzi na mhudumu wa jamii, haishuki. Gari linawapeleka moja kwa moja kitongoji cha mbali, dakika ishirini, na wao wanaanza nyumba ya mwisho kabisa kisha wanarudi kwa miguu kuelekea shule. Kila nyumba wanayoimaliza inawasogeza karibu na gari. Muda ukiwaishia njiani, nyumba iliyobaki ni ya karibu, na mtu anaweza kuipitia mchana. Ukianza za karibu, inayobaki ni ile ya mbali, na huyo ndiye anayekosa huduma mwezi baada ya mwezi.

Nyumba tano kwa dakika 35 ni dakika 175. Kutoka saa 4:00 hadi saa 7:30 zipo dakika 210. Zile 35 za ziada msizijaze nyumba nyingine. Zitatumika, kwa sababu mama mmoja atakutwa na homa na kidonda cha mshono, na hapo mazungumzo yatageuka kuwa rufaa na gari litaitwa.

Saa 7:30 jozi zote zinakutana, wanakula, na saa 8:00 wanatoka tena, kila jozi nyumba mbili za wale waliorudi kutoka shambani. Dakika 70 kati ya 90 zilizopo. Tisa wamefikiwa, na watano waliopaswa kuja shuleni wamepata nafasi yao asubuhi.

Kuna mambo mawili yanayoharibu mpango huu hata ukiandikwa vizuri. La kwanza ni barafu. Chanjo nyingi za watoto, ikiwamo pentavalenti na ile ya nimonia, huharibika zikiganda, kwa hiyo vifuko vya barafu haviingizwi kwenye kikasha cha kubebea chanjo vikiwa vikavu kutoka kwenye friza. Vinatolewa, vinapangwa mezani mpaka vitoe jasho, na ukitikisa kimoja karibu na sikio usikie maji yakicheza ndani. Kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima kutegemea joto la chumba. Friza ikifunguliwa saa 2:00, wakati dereva ameshawasha gari, siku imeanza ikiwa imepungukiwa na nyumba mbili. Anayeshughulika na chanjo aitoe barafu saa 1:00 asubuhi, wengine wakiandaa daftari na mizani.

Saa ya chanjo ya surua na rubela nayo inahesabiwa. Ikishachanganywa na kiyeyushi chake, mwisho ni saa sita, au kikao kikifungwa, lolote litakalotangulia. Kichupa kilichofunguliwa saa 4:10 asubuhi kiandikwe saa hiyo kwenye lebo, na kikao cha shule kikifungwa kitupwe. Asibebe mtu mabaki kwenda nayo majumbani mchana. Mtoto anayehitaji chanjo hiyo akikutwa nyumbani, kinafunguliwa kichupa kipya hata akiwa peke yake. Ndiyo maana tunahimiza sana mhudumu wa jamii awalete watoto wa chanjo ya surua shuleni kabla ya saa 7:30.

La pili ni kalenda ya kijiji. Siku ya mnada nyumba ni tupu mpaka jioni. Siku hiyo inafaa kutoa chanjo mnadani kwenyewe, haifai kwa ziara za nyumbani. Mwambao na visiwani, Ijumaa mchana haipangiwi nyumba. Mwenyekiti wa kitongoji anayajua haya yote, na anajua pia kama kuna msiba. Simu moja kwake jana yake inaokoa safari nzima.

Niseme pia kuhusu gari. Lina nembo, kila mtu analijua. Likisimama mlangoni kwa mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, majirani wameshapata jibu ambalo mgonjwa hakuwapa. Gari lisimame barabarani au penye ofisi ya kitongoji, na wahudumu watembee. Dakika tano au kumi za kutembea ziwemo kwenye hesabu tangu mwanzo, maana timu iliyobanwa na muda ndiyo inayoishia kuegesha uani kwa mtu. Kwenu mnaotembelewa: mna haki ya kuomba mazungumzo yafanyike faragha, au kuomba mkutane mahali pengine. Mwambieni mhudumu wa jamii mapema, na mwambieni pia saa ambayo hakika mko nyumbani. Kadi ya kliniki iwe karibu.

Msimamizi anaweza kuutambua mpango mbaya bila kutoka ofisini, mradi daftari la ziara liwe na safu ya saa ya kufika. "Hayupo" zikirundikana kati ya saa nne na saa sita, timu inawafuata wakulima wakati wa shamba. Nyumba tatu za mwisho zikiwa zimeandikwa kwa tofauti ya dakika nane nane, hakuna aliyeketi. Kitongoji kilekile kikikosekana miezi mitatu mfululizo, kipo mwisho wa njia na timu inaanzia karibu.

Masika inabadilisha kila kitu. Zile kilomita 15 mbovu zikienda kwa kilomita 10 kwa saa, kila safari inaongezeka dakika 45. Kwenda na kurudi ni dakika 90, sawasawa na muda wote wa ziara za mchana. Mkijidanganya kuwa mtafanikisha ratiba ya kiangazi, wanaokosa ni zile familia nne za shambani, tena bila kuambiwa. Uamuzi ufanyike jana yake: ama muuguzi mmoja atangulie kwa pikipiki na kulala kijijini, ili awapate wakulima jioni wanaporudi, ama familia nne zipewe tarehe nyingine na mhudumu wa jamii azijulishe siku hiyohiyo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari mbele ya jina la kila familia, pamoja na jina la mhudumu atakayekwenda.